Ahadi ya Wakala Si Mkataba: Maswali Matatu ya Kijana wa Nkoaranga

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, mhasibu kijana kutoka Nkoaranga, alinijia nyumbani akiwa na simu mkononi. Baada ya shikamoo alinionesha mazungumzo yake na wakala wa ajira wa mjini Arusha. Alikuwa amepewa nafasi katika kampuni moja kwa mkataba wa miezi kumi na miwili, mshahara shilingi 600,000 kwa mwezi, naye kwa adabu zote aliuliza maswali matatu: mkataba huu unageukaje kuwa ajira ya kudumu, baada ya muda gani, na katika kipindi cha mkataba ana stahili gani?

Majibu yalikuwa mafupi. La kwanza: "Ukifanya vizuri watakuingiza." La pili: "Haichukui muda." La tatu: "Mambo ya likizo na mafao ni ya waliothibitishwa." Likafuata la nne, ambalo hakuliuliza: "Kijana, wenzako wanaitafuta nafasi hii, usianze na maswali mengi."

Nasema wazi kwamba majibu yote manne ni mabaya, na la tatu ni uongo. Tuyatazame moja baada ya jingine, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kupewa majibu kama hayo, na baadhi yao, huko maofisini, wamewahi kuyatoa.

Tuanze na kugeuka kwa mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa muda usiotajwa, ambao mitaani tunauita wa kudumu, mkataba wa muda maalumu, na mkataba wa kazi maalumu. Ule wa muda maalumu uliwekwa kwa ajili ya wataalamu na mameneja, na mabadiliko ya mwaka 2025 yakaufungulia mlango katika mazingira mengine, kama kazi za msimu na za mradi. Lakini hakuna kifungu kinachosema kwamba mwenye mkataba wa muda, akimaliza mwaka na akafanya vizuri, anakuwa wa kudumu. Siku ya mwisho ikifika, mkataba unakwisha wenyewe. Ngazi ambayo wakala anamwonesha kijana huyu haimo katika sheria. Ikiwapo, imo katika mkataba wake tu, au haipo kabisa.

Hapa ndipo neno "kuthibitishwa" linapotumika kuwafunga watu macho. Kuthibitishwa ni jambo la kipindi cha majaribio. Aliye katika majaribio ndani ya mkataba wa muda usiotajwa tayari ana aina ile ya mkataba anayoitamani, na kinachosubiriwa ni mwajiri kuridhika naye. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka majaribio yasizidi miezi kumi na miwili. Hata hapo muda kupita si uthibitisho: Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika shauri la Stella Temu dhidi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kwa hiyo anayeambiwa "utathibitishwa" huku karatasi yake ina tarehe ya mwisho anaahidiwa kitu ambacho karatasi hiyo haikibebi.

Je, sheria haimlindi kabisa? Inamlinda, ila si pale anapodhani. Kutohuisha mkataba wa muda kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi isivyo halali iwapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa kwa masharti yale yale au yanayofanana nayo. Matarajio hayo lazima yawe na msingi unaoonekana, kama vile mkataba kuhuishwa mara kadhaa huko nyuma, au mwajiri kutoa ahadi. Angalieni vizuri: kinacholindwa ni tarajio la kuhuishwa, si tarajio la kupandishwa kuwa wa kudumu. Tena anayepaswa kuwa ameahidi ni mwajiri, wala si wakala. Mdomo wa wakala haumfungi mwajiri.

Ndiyo maana swali linalotangulia yote ni hili: mwajiri wangu ni nani? Mwaka 2014 serikali ilitunga kanuni za mawakala binafsi wa ajira, ikikusudia kukomesha mtindo wa wakala kumwajiri mtu kisha kumkodisha kwa kampuni. Kazi ya wakala ni kuunganisha. Jina la wakala likionekana katika sehemu ya mwajiri, weka kalamu chini uulize.

Kuhusu muda, "haichukui muda" si kipimo. Kipimo ni tarehe, kigezo na mtu. Nilimwandikia kijana huyu sentensi moja ya kupeleka kwa mwajiri: ifikapo mwezi wa tisa wa mkataba, mwajiri atatathmini utendaji kwa vigezo vilivyoambatishwa, na kabla ya mwezi wa kumi na moja atatoa uamuzi kwa maandishi kama atampa mkataba wa muda usiotajwa, atahuisha uliopo, au ataachana naye. Mwajiri mwenye nia njema hapotezi kitu kwa kuisaini. Na anayepewa mkataba wa utaalamu wa miezi mitatu mitatu ajue kwamba kanuni za mwaka 2017 zinataka mkataba wa namna hiyo usipungue miezi kumi na miwili.

Sasa uongo wenyewe. Likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na likizo ya uzazi ya siku 84 hazingoji barua ya uthibitisho. Kwa kawaida zinangoja miezi sita ya utumishi, na mkataba wa mwaka unaivuka. Michango ya hifadhi ya jamii haingoji hata hiyo. Kwa mshahara wa shilingi 600,000, mchango wa NSSF wa asilimia 20 ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa mwaka mzima, sehemu ya mwajiri ni shilingi 720,000. Huo ndio ukubwa wa jibu la wakala: anayelikubali ameachia zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja. Yanayoweza kutofautiana kwa halali ni yale ya hiari ya kampuni, kama mikopo, bonasi na posho ya nyumba.

Waajiri watasema kwamba miradi ina mwisho na fedha za wafadhili hukauka. Ni kweli, wala siwadai kazi wasiyokuwa nayo. Ninachodai ni kwamba asiye na nafasi ya kudumu aseme hana. Kumning'inizia kijana ahadi ili afanye kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja ni wizi uliovaa tai.

Wameru wanajua uzito wa karatasi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi ya Engare Nanyuki, na hakwenda na manung'uniko ya mdomo. Ombi la watu wake lilikuwa limeandikwa. Nanyi andikeni. Ulizeni kwa barua pepe, hifadhini jibu, daini maelezo ya ajira ambayo sheria inamtaka mwajiri ayatoe kwa maandishi. Mkataba ukikatwa isivyo haki, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi kwa siku 30, na huko hawatawauliza wakala alisema nini kwenye simu. Watauliza: iko wapi karatasi?

Kijana wangu alipeleka ile sentensi. Hadi ninapoandika haya, hajajibiwa. Amesema hasaini mpaka ajibiwe, nami nimemwambia kwamba kimya hicho nacho ni jibu.