Wazee wangu, hiyo kamera ya mubashara tuiache kwanza

Jamani wasomaji wangu, nimepotea kidogo hapa kibarazani, ila sikuwa nimelala. Jumapili iliyopita nilipeleka barua kwa Baraza la Wazee wa usharika wetu. Walutheri wenzangu mnajua baraza hilo lilivyo. Wazee wanataka kununua kamera kubwa ili ibada irushwe mubashara kila wiki, na vijana karibu wote wanashangilia. Mimi nimepinga, na sasa kwenye kijiwe cha kwaya naitwa mwandishi anayeogopa teknolojia. Haya, isomeni wenyewe. Jina la usharika nimeliondoa makusudi.

Baba Mchungaji na wazee wangu wa kanisa, shikamooni, na Bwana Yesu asifiwe.

Naanza na jambo ambalo sote tunalijua na hakuna anayelitaja kikaoni. Siku tuliyojaribu kurusha ibada kwa simu, dada mmoja alisimama mbele, mtoto mgongoni, kurudi kundini. Ndio utaratibu wetu, siujadili hapa. Alikuwa tayari kusimama mbele ya watu waliomlea. Hakuna aliyemwambia kwamba simu iliyofungwa kwenye nguzo ilikuwa hewani. Kabla ibada haijaisha, ndugu yake wa Mwanza alikuwa ameshampigia mama yake. Jioni kipande cha sekunde 40 kikawa kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kimebandikwa vikatuni vya kucheka. Jumatatu tuliifuta video YouTube, lakini kwenye simu za watu hatukufuta kitu. Dada yule hajaonekana tena kanisani. Tumemrudisha kundini na kumfukuza katika ibada moja.

Ndiyo maana naomba tusirushe ibada mubashara. Kitu kilichoenda hewani hakina mhariri. Kwenye ibada yetu kuna wanaorudi kundini, kuna wanaoombewa maradhi, kuna watoto wa Shule ya Jumapili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu imani ya mtu na afya yake kuwa taarifa nyeti. Tukimrusha mama anayeombewa kansa bila ridhaa yake, hatuwezi kujitetea kwamba tulikuwa tunaeneza Injili.

Ninachopendekeza ni hiki: tunarekodi mahubiri peke yake, simu ikiwa imeelekezwa mimbarani na kurekodi tu wakati mhubiri anaongea. Hapo tunapata dakika 25. Kwenye hizo tunakata vipande vitatu vya dakika mbili au tatu, tunaweka maandishi chini kwa ajili ya wanaotazama kwenye daladala bila sauti, basi.

Mtasema, na wagonjwa je? Na ndugu zetu walioko mbali? Hoja hiyo naiheshimu, lakini tupige hesabu. Ibada yetu ni saa tatu. Kuirusha kwa ubora wa kawaida, megabiti 4 kwa sekunde, kunakula kama GB 5.4. Hizo ni zetu. Bibi aliyevunjika nyonga naye, hata akitazama kwa picha hafifu ya megabiti 1, anamaliza zaidi ya GB 1.3 kila Jumapili. Nani anamnunulia bando? Mahubiri hayo hayo kwa sauti tu, dakika 25, ni kama MB 12. Mzee wa jumuiya yake anayatuma WhatsApp Jumapili mchana, bibi anayasikiliza hata mara tatu. Nakiri atakosa kuimba pamoja nasi saa ile ile. Hilo siwezi kulitatua, na kamera haitatui pia. Dawa yake ni jumuiya kumtembelea.

Sasa fedha. Makadirio niliyoyaona kikaoni yalikuwa 6,500,000, yote vifaa. Hakuna hata shilingi ya bando wala ya kijana atakayekesha akihariri. Nimeulizia bei Kariakoo. Simu ya usharika yenye kamera nzuri ni 700,000, standi 70,000, kipaza sauti cha kubana kwenye kola 150,000, waya na kifaa cha kuchukulia sauti kwenye miksa 80,000, diski ya kuhifadhia 180,000. Jumla 1,180,000. Kila mwezi tunahitaji bando 60,000, posho ya vijana wawili 20,000 kila mmoja kwa wiki, yaani 160,000, na dharura 20,000. Hiyo ni 240,000. Majaribio ya miezi mitatu yote yanagharimu 1,900,000. Baada ya hapo mtuite mtuhoji.

Msishangae fungu kubwa la vifaa, ukitoa simu, limekwenda kwenye sauti. Mtu anavumilia picha mbovu. Sauti mbovu anaifunga ndani ya sekunde kumi. Na hapa ndipo makanisa mengi yanapokosea: waya unatolewa kwenye miksa na kuchomekwa moja kwa moja kwenye simu. Sauti ya miksa ni kali kuliko ile simu inayoitegemea kutoka kwenye kipaza sauti, kwa hiyo inapasuka, mhubiri anasikika kama anaongea ndani ya debe. Kile kifaa cha kati ndicho kinachoipunguza. Dalili huionei kwenye picha, lazima mtu avae spika za masikioni na arekodi dakika mbili kabla ya kengele. Kile kipaza sauti cha kola ni cha akiba, siku umeme ukikatika na miksa ikafa.

Ratiba ya wiki ni nyepesi. Jumapili tunarekodi na kutuma sauti kwa wagonjwa. Jumatatu usiku vijana wanakata. Jumanne Baba Mchungaji na mzee mmoja wanatazama vipande, na wakisema hapana, ni hapana. Kipande cha kwanza kinatoka Jumatano, cha pili Ijumaa, cha tatu Jumamosi jioni pamoja na saa za ibada. Alhamisi ni ya kujibu watu walioandika, na mwenye shida nzito anapelekwa kwa mchungaji, hajibiwi hadharani. Jumanne ndiyo siku ambayo siwezi kuiuza. Ingekuwepo, yule dada angekuwa bado nasi.

Mawili ya mwisho. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya usharika, iwe na wamiliki wawili, mmoja awe mzee wa kanisa. Ukurasa wetu wa zamani uko kwenye simu ya kijana aliyehamia mkoani na neno la siri hakumbuki. Pia namba ya sadaka isionekane kwenye video yoyote. Matapeli hunakili video, hufungua ukurasa wenye jina la mchungaji, na kubadilisha namba. Waumini wakizoea kwamba hatuombi fedha kwenye video, atakayeomba watamjua. Na kabla hatujaweka hata kipande kimoja tuwaandikie TCRA kuuliza kama tunahitaji leseni, maana kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitungwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, na mimi sitaki tufanye kwa kubahatisha.

Wenu katika Kristo.

Ndio hiyo wapendwa. Baraza linakaa Jumamosi saa nane mchana. Mzee mmoja ameshanipigia simu kuuliza kama kwenye hiyo 1,900,000 kuna nauli za vijana. Nimemwambia wote wawili wanakaa nyuma ya kanisa. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama kuna aliyekwenda kumwona yule dada. Nikakosa jibu, maana hata mimi sijaenda.