Adhabu Haigeuki Fidia kwa Kubadilishwa Jina

Mwalimu mmoja kijana alinijia muhula uliopita akiwa na mkataba alioletewa na shule ya kibinafsi iliyotaka kumwajiri. Mshahara ulikuwa shilingi 28,000 kwa mwezi. Kifungu kilichomnyima usingizi kilisema kwamba iwapo atavunja sharti lolote la mkataba ule, atailipa shule shilingi 100,000, na kwamba pande zote mbili zinakubali kuwa fedha hizo ni fidia wala si adhabu. Miongoni mwa masharti hayo lilikuwamo la kutoacha kazi katikati ya muhula, la kuwasilisha alama za mitihani siku iliyopangwa, na la kufika darasani kabla ya kengele kulia.

"Mzee," aliniuliza, "nikitia sahihi, si nimekwisha kujifunga?"

Nilimjibu kwamba si kila kilichotiwa sahihi kinachotekelezwa na mahakama. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inatuelekeza kwenye kanuni za mikataba za Uingereza, na kanuni hizo zimetenga mambo mawili ambayo aghalabu huvaa kanzu moja. La kwanza ni makadirio ya kweli ya hasara: wahusika wanaketi kabla ya jambo kuharibika, wanakisia hasara itakayotokea, na kuafikiana kiasi cha kulipwa. La pili ni kitisho, yaani fedha nyingi zilizoandikwa ili mtu aogope kuvunja ahadi. Mahakama hulitekeleza la kwanza na kulikataa la pili.

Je, hakimu anayatambuaje? La kustaajabisha ni kwamba jina lililoandikwa halimwongozi sana. Mwaka wa 1829 iliamuliwa huko London kesi baina ya Kemble, msimamizi wa jumba la maigizo la Covent Garden, na Farren, mwigizaji wa vichekesho. Farren alikuwa ameahidi kuigiza kwa misimu minne, naye alipwe pauni tatu na ushei kwa kila usiku jumba linapofunguliwa. Yeyote ambaye angekosa kutimiza mkataba huo, au sehemu yake yoyote, angelipa pauni 1,000, na iliandikwa waziwazi kwamba hizo ni fidia iliyokadiriwa wala si adhabu. Katika msimu wa pili Farren alikataa kuigiza. Jopo la raia waliosikiliza kesi lilikadiria hasara kuwa pauni 750. Kemble akadai 1,000 zake kamili, akanyimwa.

Sababu waliyoitoa majaji ndiyo ningependa wanafunzi waishike. Kuondoka kwa mwigizaji ni hasara kubwa ambayo ni vigumu kuipima, na lau pauni 1,000 zingewekewa jambo hilo peke yake, huenda zingekubaliwa. Lakini kifungu kilimeza kila kitu. Kemble angekawia kumlipa Farren ujira wa usiku mmoja, angedaiwa pauni 1,000. Farren angekiuka kanuni ndogo kabisa ya jumba, naye angedaiwa zizo hizo. Kiasi kimoja kikitozwa kwa kosa kubwa na dogo vilevile, ni dhahiri hakuna aliyeketi kukadiria hasara ya lolote.

Sasa tazama upande wa pili. Mnamo 1896 serikali ya Uhispania iliagiza manowari nne kutoka kwa waunda meli wa Clydebank, Uskoti. Mkataba ulisema kwamba kila meli itakayochelewa itatozwa pauni 500 kwa wiki, na neno lililotumika hapo lilikuwa lile lile, adhabu. Meli zilichelewa mno. Waunda meli wakadai kwamba Uhispania haikupoteza kitu, kwa kuwa manowari hizo zingefika kwa wakati zingezamishwa pamoja na nyingine katika vita vya 1898! Walodi wa London hawakukubali hoja hiyo. Hakuna awezaye kuhesabu kwa pauni na shilingi hasara ya taifa linalokosa meli zake za vita, na ugumu huo ndio uliowafanya wahusika waafikiane kiasi mapema. Tena kiasi chenyewe kilipanda kulingana na idadi ya wiki na ya meli. Uhispania ikalipwa.

Basi mkataba mmoja ulikana adhabu ukapatikana nayo, na mwingine ukajiita adhabu ukapita. Kinachotazamwa ni hali ilivyokuwa siku ya kutia sahihi: je, kiasi kile kililingana na hasara kubwa ambayo ingeweza kutarajiwa siku ile? Hasara iliyotokea baadaye si kipimo. Naye anayedai kwamba kifungu ni adhabu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Tuurudie mkataba wa kijana wetu. Tuseme anaacha kazi bila ilani katikati ya muhula. Shule inamtafuta mwalimu wa muda kwa siku 20, shilingi 1,500 kila siku, jumla 30,000. Lakini shule hiyo haikumlipa aliyeondoka mshahara wake wa 28,000, kwa hivyo hapo imepoteza 2,000 tu. Wenye shule wengi huisahau hesabu hii ya kutoa. Ongeza matangazo ya kazi, 6,000, na masomo ya fidia siku za Jumamosi, 12,000. Hasara inafika 20,000. Kifungu kinachotaja shilingi 20,000 kwa kosa hilo peke yake kingekuwa na miguu ya kusimamia, hata kama hatimaye shule ingepoteza 8,000. Nayo ingepoteza 35,000, isingeruhusiwa kudai zaidi ya 20,000.

Lakini 100,000 kwa kuchelewa kengele? Hapo ni Kemble mtupu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi aliyekosa kazi bila ruhusa ujira usiozidi wa siku moja kwa kila siku nzima aliyokosa.

Hata hivyo, nilimwonya kijana asifurahi kupita kiasi. Kifungu kikitupwa, mkosaji haendi zake huru. Shule bado inaweza kudai hasara ya kweli, ila sasa itailazimu kuithibitisha kwa stakabadhi. Majirani zetu wa Tanzania wanafuata njia nyingine: kifungu cha 74 cha sheria yao ya mikataba kinampa aliyekosewa fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa, bila kujali kama kinaitwa adhabu au la. Kanuni hiyo ina asili katika sheria ya India ya 1872, ambayo ilitumika kwetu pia hadi mwisho wa 1960. Binafsi naona ilikuwa nyepesi kumfafanulia mtu wa kawaida kuliko hii yetu.

Waingereza wenyewe wamekwisha kuilegeza kanuni yao. Mwaka wa 2015 mahakama yao ya juu ilimwamuru mwenye gari aliyepitisha muda wa kuegesha alipe pauni 85, ijapokuwa mwenye kiwanja hakuonyesha hasara yoyote, kwa kuwa alikuwa na haja halali ya kuhakikisha magari yanapishana na kiasi hakikupita mpaka. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ingawa zinaweza kuuzingatia. Mimi naukubali kwa shingo upande. Haja halali ni maneno mapana, na mwajiri hakosi ya kuitaja.

Kijana alirudi shuleni na kalamu. Aliomba kiasi kile kifutwe, kiandikwe 20,000 kwa kuacha kazi bila ilani pekee, na hesabu iambatishwe. Msimamizi alimuuliza nani aliyemfundisha mambo hayo, kisha akatia sahihi.