Robo Saa ya Udi Kila Siku

Mwalimu mmoja wa udi, anayewafunza watoto wa wafanyakazi wa mvuke huko Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, amewaandikia wazazi barua, na nakala yake imenifikia. Baadhi ya wazazi hao ni watu wa kwetu Pwani waliofuata kazi bara. Kazi yenyewe ni ya zamu, leo mchana, kesho usiku, na kwa hivyo wengi wamezoea kumwachia mtoto udi siku ya Jumamosi tu, saa moja u nusu kwa mkupuo mmoja. Mwalimu anawaambia wazigawe dakika hizo 90 kwa siku sita, robo saa kila siku. Wazazi wamenung'unika, wakisema hesabu ni ile ile. Mimi nasema hesabu si ile ile hata kidogo.

Shingo ya udi ni laini, haina vigawanyo kama gita. Kidole kikisogea upana wa punje ya mchele, sauti imekwisha potea. Mathalan, chukua maqamu ya bayati, ambayo masikio ya wapenzi wa taarabu yameizoea. Sauti yake ya pili haimo katika kinanda. Imekaa baina ya kibonye cheusi na cheupe. Hakuna alama ya kuionyesha. Sikio ndilo linalokiongoza kidole.

Sasa mtazame mtoto Jumamosi. Robo saa ya kwanza anaitafuta sauti hiyo. Akishaipata huipiga vizuri kwa muda, kisha ncha za vidole zaanza kuwaka, maana hazijaota sugu, na sikio lachoka. Sauti yapanda kidogo kidogo naye hana habari. Nusu saa ya mwisho anafanya mazoezi ya kukosea! Halafu udi walazwa siku saba, na Jumamosi ya pili aanza kutafuta upya.

Wa robo saa hutumia dakika mbili kulinganisha nyuzi, kisha apiga kipande cha jana, kisha mistari miwili mipya, akamaliza kwa wimbo aupendao. Aweka udi chini kabla sikio halijachoka. Kesho yake amesahau kidogo, na kule kukumbuka kwa taabu ndiko kunakokishindilia kidole mahali pake. Kwa wiki huitafuta sauti ile mara sita, na mwenzake mara moja.

Waliosoma chuoni wanalijua jambo hili. Mwalimu wa chuo hakungoja mwisho wa wiki; kila asubuhi alitaka la jana kwanza, ndipo akupe jipya. Sisemi udi ni sawa na msahafu, hasha. Nasema kumbukumbu ya mtoto ni hiyo moja.

Kwa nini basi wazazi wasikubali? Kwa sababu Jumamosi inadanganya. Mtoto aliyepiga mstari mmoja mara arobaini, mara ya arobaini huuteleza kama maji, na mama aliye jikoni husema: amejua. Katika mwaka 1978 Baddeley na Longman walitangaza habari za watu wa posta wa Uingereza waliofunzwa kupiga mashine ya herufi. Waliojifunza saa moja kwa siku walizijua herufi zote kwa jumla ya saa kama 35. Waliojifunza saa nne kwa siku walihitaji kama 50. Lakini hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwani kwa hesabu ya siku walijiona wako nyuma.

Kwa hivyo mzazi asimpime mtoto mwisho wa mazoezi. Ampime mwanzo wa siku ya pili: achukue udi, alinganishe nyuzi, apige mstari wa jana mara moja tu, mkono haujachemka. Kilichobaki hapo ndicho alichokijua. Wala si lazima mzazi awe fundi. Akisikia mtoto anasitasita pale pale pa jana, basi mahali hapo hapajakaa.

Nina neno moja la kuongeza katika barua hiyo. Robo saa isipunguzwe mpaka ikawa dakika tano, kwani nyuzi za udi peke yake zitazila karibu nusu. Na kikundi kikitaka kupiga pamoja, fidla, udi na ngoma, hapo hapana budi watu wakae saa mbili nzima, maana wanajifunza kusikilizana, na hilo halifanyiki nyumbani peke yako.

Inabaki shida ya zamu, ambayo ni ya kweli. Baba aliyetoka kazini alfajiri analala mchana, na nyumba za wafanyakazi zina kuta nyembamba. Mwalimu amependekeza wakati wa baada ya alasiri, baba akishaamka, na udi utundikwe ukutani karibu na mkono, mbali na jiko, usifungiwe mkobani juu ya kabati. Mtoto atakayetumia dakika kumi kuuteremsha na kuufungua hatakuwa na robo saa tena.