Kusoma Kitomeo cha Kamusi: Mfano wa Neno Mbiru

Wanafunzi wengi wa shahada za juu hufundishwa namna ya kuunda kitomeo kabla hawajafundishwa namna ya kukisoma. Matokeo yake ni kwamba hata msomi aliyebobea hufungua kamusi, akaruka vifupisho vyote vilivyo mbele ya fasili, akachukua maana ya kwanza, kisha akaifunga. Makala haya yanashikilia kwamba vifupisho na tarakimu anazoziruka ndizo zinazobeba hoja ya mwanakamusi, na kwamba msomaji asiyezisoma anaweza kukubali hoja hiyo bila ya kujua kuwa ameikubali. Neno moja kutoka Upare linatosha kulithibitisha jambo hili.

Katika miaka ya 1940 watawala wa jadi wa Upare, chini ya serikali ya kikoloni ya Waingereza, walianza kutoza kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mlipaji. Kodi hiyo iliitwa mbiru, jina la ushuru wa kimila uliokuwa ukitolewa kwa watawala hapo zamani. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, makao ya serikali ya wilaya, kuipinga. Walichokilalamikia hasa si wajibu wa kulipa kodi, bali namna mali ilivyokadiriwa. Baadaye wanawake nao waliingia katika upinzani huo, na hatimaye kodi ikafutwa. Isaria Kimambo aliyaandika matukio haya katika kijitabu cha mwaka 1971 chenye neno hilohilo katika anwani yake.

Ichukuliwe sasa kwamba neno hili linatakiwa kuingizwa katika kamusi ya Kiswahili. Kitomeo kifuatacho hakikunakiliwa popote. Kimetungwa kwa ajili ya mjadala huu kwa kufuata, kwa jumla, mtindo uliozoeleka tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981:

mbiru nm [i-/zi-] 1 (kih.) ushuru wa kimila uliotolewa kwa mtawala katika Upare. 2 (kih.) kodi iliyotozwa Upare katika miaka ya 1940 kwa kukadiria mali ya kila mlipaji: Alikataa kulipa ~. 3 [i-] harakati za kuipinga kodi hiyo: Wakati wa ~ watu walikaa Same. taz. kodi.

Kifupisho nm humwambia msomaji kuwa kidahizo ni nomino. Hilo ni jepesi. Mabano ya mraba yanahitaji uangalifu zaidi, kwani wanafunzi wengi hudhani yanaonyesha umoja na wingi wa neno lenyewe, ilhali yanaonyesha viambishi vya upatanisho katika kitenzi: mbiru inalipwa, mbiru zinalipwa. Umbo la wingi, pale linapotofautiana na la umoja, huonyeshwa kabla ya mabano, kama katika mfereji nm mi- [u-/i-]. Hapa hakuna kiambishi cha aina hiyo, nako kutokuwapo kwake ni taarifa: neno halibadiliki. Mabano yaliyo mwanzoni hutawala maana zote zinazofuata isipokuwa pale yanapopinduliwa, na katika maana ya tatu yamepinduliwa. Harakati zile zilikuwa tukio moja, kwa hiyo husemwa mbiru ilianza, wala hapatajwi mbiru mbili. Msomaji aliyeyaruka mabano haya atakuwa amekosa dalili ya mapema kabisa kwamba maana ya tatu ni ya aina tofauti na zile mbili za kwanza.

Tarakimu ndizo zinazopotosha kuliko kitu chochote kingine. Msomaji huamini kwamba maana ya kwanza ndiyo iliyo sahihi zaidi, na nyingine ni nyongeza. Ukweli ni kwamba mpangilio hutegemea kanuni aliyoichagua mwanakamusi. Baadhi huanza na maana ya kale na kufuata historia, na baadhi huanza na maana inayotumika zaidi. Kanuni hiyo hutajwa katika utangulizi, zile kurasa ambazo huwa safi kuliko zote katika nakala za maktaba. Kitomeo kilichotolewa hapo juu kimefuata historia. Kingefuata wingi wa matumizi, huenda maana ya tatu ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa katika maandishi ya historia neno hili hutajwa zaidi kwa sababu ya upinzani kuliko kwa sababu ya ushuru wa kale.

Lakini suala zito si mpangilio tu, ni mahali tarakimu zinapokata. Mwanakamusi mvivu angeweza kuunganisha maana ya kwanza na ya pili, akaandika “kodi ya kimila ya Wapare”. Fasili hiyo ni fupi na nadhifu, nayo ni batili. Kuipa kodi mpya jina la ushuru wa kale ilikuwa njia ya kuionyesha kana kwamba ni desturi ya wenyeji, na watu waliokusanyika Same walikuwa wakiikataa. Kamusi inayozifanya maana hizi kuwa moja imeshatoa hukumu katika mgogoro huo kwa faida ya watozaji, tena bila ya kutaja mgogoro wenyewe. Tarakimu 2 ndiyo inayozuia kosa hilo.

Kuhusu kifupisho kih., yaani kihistoria, inafaa kutofautisha neno lililokufa na kitu kilichokwisha. Ushuru haupo tena na kodi ile ilifutwa, lakini neno lenyewe bado linatumika linapozungumzwa jambo hilo. Alama hii hapa inahusu kitu. Aidha, imewekwa baada ya tarakimu, kwa hiyo inaihusu maana hiyo peke yake. Ingewekwa kabla ya tarakimu 1 ingezihusu maana zote tatu. Kadhalika kutajwa kwa Upare ndani ya fasili hakulingani na alama ya lahaja au ya eneo. Fasili husema kitu kilikuwa wapi, alama ya eneo husema neno linatumiwa na nani. Mwanahistoria wa Dar es Salaam anapoandika mbiru hazungumzi Kipare.

Umebaki mfano wa matumizi, ambao kwa kawaida husomwa kama pambo. Wimbi dogo lililomo husimama badala ya kidahizo, na hilo halina utata. Utata umo katika kitenzi walikaa. Anayetafuta kaa hukuta vidahizo kadhaa vyenye umbo moja, vikiwemo mnyama wa majini na kipande cha moto. Hivi ni maneno tofauti yanayolingana kwa bahati, ndiyo maana hutenganishwa kuwa vidahizo mbalimbali badala ya kupewa tarakimu ndani ya kitomeo kimoja. Viambishi wa- na -li- huviondoa vyote isipokuwa kitenzi, kt. Ndani ya kitenzi, alama ya sielekezi huonyesha kuwa Same si yambwa bali ni mahali. Hapo ndipo uamuzi huanza: watu wale waliketi, walibaki, au waliishi Same? Fasili za kaa zinakubali zote tatu. Neno wakati wa huashiria muda mrefu, kwa hiyo kuketi hakutoshi. Na kwa kuwa makwao kulikuwa milimani, kuishi kumezidi. Inabaki maana ya kubaki mahali bila ya kuondoka, na mwanakamusi aliyetaka kuwa mwangalifu angeongeza katika mfano wake maneno mawili tu: wakikataa kurudi.