Swali Ambalo Jibu Lake Halimo Daftarini

Juzi nilisahihisha rundo la karatasi za ikolojia hapa Bariadi. Swali la kwanza lilitaka maana ya mtandao wa chakula, na la pili lilitaka mlaji wa kwanza kwenye mnyororo uleule uliochorwa ubaoni wiki iliyotangulia. Karibu darasa zima lilipata. Nilimaliza rundo bila kujua nani ameelewa nini.

Mkoa wetu umepakana na Serengeti, kwa hiyo swali zuri halipo mbali. Mwanafunzi aelezwe hivi: ng'ombe wa wafugaji walichanjwa dhidi ya sotoka, na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kila kiangazi nyasi kavu huwaka moto, na moto huo huua miche ya miti. Kisha aulizwe: baada ya miaka 20, miche itakuwa mingi zaidi au michache? Onyesha njia.

Wengi watajibu kwamba nyumbu wakiongezeka mimea hupungua, basi na miti itapungua. Kosa hilo lina thamani, kwa sababu linaonyesha kwamba nyasi na miti vimewekwa kapu moja lililoandikwa "mimea". Kilichotokea ni kinyume. Nyumbu walitoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi, moto ukakosa kuni, miche ikapona.

Usitoe alama kwa neno "mingi" peke yake, maana hapo hata anayerusha shilingi hupata nusu. Toa alama moja kwa kila hatua: nyumbu, nyasi, moto, miche. Na ukishalifundisha swali hili, limekufa; mwakani litakuwa kumbukumbu tu. Ligeuze: ujangili ukipunguza nyumbu kwa nusu, moto utakuwaje?

Kwenye nishati tumezoea kugawa kwa kumi ngazi hadi ngazi na kuiita ikolojia. Hiyo ni hesabu ya darasa la nne. Afadhali uulize: simba wote wakiondolewa leo, nyumbu wanaohama wataongezeka maradufu? Utafiti wa Simon Mduma na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba wengi wa nyumbu hao hufa kwa kukosa lishe, si kwa meno ya simba. Mwanafunzi anayejua hivyo afuatilie nishati ya mizoga hiyo hadi kwa fisi, tumbusi na bakteria.

Ndani ya toleo hili kuna makala juu ya dawa za pamba zilizoua wadudu walao vidukari, na vidukari wakarudi kwa wingi; anzeni na hiyo. Nyingine inatetea kukariri istilahi kwanza. Nimeichapa kwa heshima, bila kushawishika.

Tutumieni maswali yenu, na majibu yenye makosa mliyoyapata kwa wanafunzi. Hayo ya pili ndiyo tunayoyahitaji zaidi.