Kodi ya zuio: barua ya chama cha msingi ieleze kwanza mali ni ya nani

Mnada umekwisha, wakulima wamelipwa, na ghala ni tupu. Ndipo chama cha msingi kinapopokea barua ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kikidaiwa asilimia 2 ya fedha zote zilizopita katika akaunti yake, kwa madai kwamba kilipaswa kuzuia kodi hiyo kabla ya kuwalipa wakulima. Viongozi huitisha kikao cha bodi, na katibu huagizwa aandike barua. Mara nyingi barua hiyo huwa na aya moja inayosema kwamba chama ni cha wakulima wadogo na kimesamehewa kodi. Barua ya namna hiyo haitoshi, na mara nyingine humwumiza aliyeiandika.

Kodi inayozungumzwa hapa ilianza mwaka wa fedha 2021/22. Serikali iliamua kwamba makampuni na mashirika yanayonunua mazao ya kilimo, mifugo na uvuvi yazuie asilimia 2 ya malipo na kuiwasilisha TRA. Ilipotangazwa, wakulima wadogo na wale wanaouza kupitia vyama vya msingi waliwekwa kando. Nia ilikuwa kumfikia mfanyabiashara wa kati asiyepeleka hesabu, wala si mwenye ekari mbili za mikorosho.

Tatizo ni kwamba ofisa wa kodi haoni ekari mbili. Anachokiona ni taarifa ya benki. Chukua mfano wa chama cha msingi huko Mtwara chenye wanachama 800, kilichokusanya kilo 400,000 za korosho na kuuzwa mnadani kwa wastani wa sh. 2,500 kwa kilo. Benki itaonyesha sh. bilioni moja zimeingia na kutoka. Asilimia 2 yake ni sh. milioni 20. Lakini chama chenyewe, kama ushuru wake ni sh. 40 kwa kilo, kimepata sh. milioni 16 tu kwa msimu mzima, nazo ndizo zinazolipa mshahara wa katibu, mlinzi na mizani. Deni linaizidi pato lote la chama. Kuwarudia wakulima kudai sh. 25,000 kila mmoja ni jambo la kwenye karatasi tu, kwani fedha zimekwisha kuingia katika ada za shule na madeni ya viuatilifu.

Kwa hiyo barua ya chama inapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo makatibu wengi huyachanganya. La kwanza ni zuio juu ya malipo ya mazao, na la pili ni kodi ya mapato ya chama chenyewe.

Katika jambo la kwanza, hoja ni kwamba korosho hazikuwa mali ya chama. Mkulima alizileta, zikapimwa kwa jina lake, zikaingia ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi, mnunuzi akashinda mnadani, na chama kikapitisha malipo baada ya kukata makato yaliyokubaliwa. Chama hakikununua kitu. Kilikuwa wakala wa mwenye mali. Barua iseme hivyo kwa mfululizo, na kila hatua iambatane na karatasi yake: daftari la mapokezi, stakabadhi ya ghala, matokeo ya mnada, na orodha ya malipo ya benki kwa jina la kila mkulima. Jumla ya kilo katika karatasi hizo nne lazima ilingane, au tofauti ya unyaufu ielezwe.

Katika jambo la pili, Sheria ya Kodi ya Mapato inasamehe pato la chama cha msingi kilichoandikishwa, kinachofanya shughuli za kilimo kwa faida ya wanachama, ikiwa mauzo ghafi yake kwa mwaka hayazidi kikomo. Kikomo hicho kilikuwa sh. milioni 50, kikapandishwa mwaka 2020 kuwa sh. milioni 100. Hapa ndipo neno moja linapoweza kukitia chama hasara. Ikiwa mauzo ghafi ni ushuru wa sh. milioni 16, chama kimo ndani ya msamaha kwa raha. Ikiwa ni sh. bilioni moja, kimetoka nje mara kumi.

Na nani anayesema ni bilioni moja? Mara nyingi ni chama chenyewe. Mhasibu huandika thamani yote ya mazao kama mauzo katika taarifa ya mapato na matumizi, halafu malipo ya wakulima kama gharama ya manunuzi. Hesabu hizo zikikaguliwa na kupitishwa na mkutano mkuu, chama kimekwisha kukiri kwa saini yake kwamba kilinunua na kuuza. Barua ya katibu haiwezi kukanusha kwa wepesi hesabu za chama hicho hicho. Fedha za wakulima ziandikwe kama amana inayopita, na ushuru peke yake uonekane kama pato.

Muda nao haungoji. Barua ya kuomba ufafanuzi haisimamishi siku. Anayepinga uamuzi wa kodi hupaswa kuwasilisha pingamizi lenye sababu ndani ya siku 30 tangu kupokea uamuzi, na kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa. Kwa chama cha mfano wetu theluthi ni karibu sh. milioni 6.7. Chama kisicho nazo kiombe kwa maandishi mapema kwamba Kamishna Mkuu apunguze au aondoe sharti hilo, kikionyesha salio la akaunti. Aidha, namba za vifungu zisinakiliwe kutoka barua ya zamani, maana toleo la sheria lililorekebishwa la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezibadilisha.

Wanunuzi wasidhani hili ni la wakulima peke yao. Anayepaswa kuzuia kodi asizuie, deni humwangukia yeye. Anayezuia pasipostahili hupunguza bei ya mkulima na kujipatia mgogoro. Mnunuzi makini huomba cheti cha uandikishaji, namba ya mlipakodi na uthibitisho wa uwakala kabla ya kulipa, na kuviweka pamoja na ankara.

Msamaha huu una mipaka, na ni haki uwe nayo. Chama kinachonunua mazao kwa fedha zake na kuyauza kwa faida si wakala tena, na barua iliyoelezwa hapa haikifai. Hali ni mbaya zaidi pale korosho za kangomba, zilizonunuliwa mashambani kwa bei ya kutupa, zinapoingizwa ghalani kwa majina ya wanachama. Dalili yake haifichiki: mtu mwenye miti 40 anaonekana ameleta tani sita. Ofisa akiona mstari mmoja wa namna hiyo, ana sababu ya kutilia shaka daftari zima, na wanachama 799 waaminifu wataponzwa na mmoja.

TRA nayo ina wajibu wake. Kudai asilimia 2 ya taarifa ya benki bila kuuliza mali ni ya nani ni kutoza kodi juu ya kapu badala ya kilichomo. Lakini chama kisichoweza kuonyesha, kilo kwa kilo, kwamba kapu lilikuwa la mkulima hakina wa kumlaumu.