Simu Haishindwi na Uhariri, Inashindwa na Nafasi

Na Mwanaidi Kombo

Anayehariri video kwa simu, bila kompyuta, ni nadra kukwamishwa na programu. Anakwama pale simu inapomwambia nafasi imejaa, tena katikati ya kurekodi, au video ikiwa imebakiza kidogo tu kukamilika. Programu za simu zilizopo leo zinakata, zinaunganisha, zinaweka sauti juu ya sauti na kusawazisha rangi vizuri kabisa kwa video za mtandaoni. Kinachoamua kama kazi itakamilika ni mahali pa kuweka malighafi, kuanzia kabla ya kurekodi hadi video inapokwisha kupakiwa.

Hesabu inaanzia kwenye kamera. Dakika moja ya video ya 1080p, kwa fremu 30 kwa sekunde, huchukua takriban MB 130 kwenye simu nyingi. Ikirekodiwa kwa 4K kwa fremu hizohizo, hufika takriban MB 350. Chukua mfano wa mpishi wa Tanga anayefundisha mkate wa kumimina kwa simu yenye hifadhi ya GB 64. Ukitoa mfumo wa simu, programu, picha za familia na mafaili ya WhatsApp, amebakiwa na GB 9. Akirekodi dakika 40 kwa 4K atahitaji GB 14, na simu itasimama kabla mkate haujaiva. Kwa 1080p atahitaji zaidi kidogo ya GB 5. Hizo zinaingia, ila zinamwachia nafasi finyu ya kuhariria. Mtazamaji atakayeiona video hiyo kwenye kioo cha simu yake hataona tofauti ya maana kati ya hizo mbili, kwa hiyo 1080p ndiyo mahali sahihi pa kuanzia.

Kamera nyingi zina pia chaguo la HEVC, ambalo huandikwa H.265 kwenye baadhi ya simu, na hupunguza ukubwa wa faili kwa karibu nusu. Kwenye simu mpya ni msaada mkubwa. Simu ya zamani huweza kurekodi kwa HEVC bila tabu, kisha ikahangaika wakati wa kuhariri, kwa kuwa faili lililobanwa sana linataka nguvu nyingi kulifungua fremu kwa fremu. Dalili yake inaonekana mapema: kidole kinasogea kwenye mstari wa muda, sauti inaendelea, picha imeganda. Simu ya namna hiyo irudishwe H.264, na nafasi itafutwe kwingine.

Kwingine huko ni kwenye mkono wa anayerekodi. Upishi wa mkate wa kumimina una saa nzima za kungoja: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa kwa tui, unatiwa hamira na hiliki, kisha uji unaachwa uumuke. Hakuna atakayetazama uji ukiumuka kwa dakika 20. Kila hatua irekodiwe kwa vipande vya sekunde 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa pembe tofauti: mchele ukioshwa, uji ukifanya mapovu, uji ukimiminwa kwenye sufuria ya moto, makaa yakipangwa juu ya kifuniko, kisu kikikata kipande cha kwanza. Vipande 30 vya sekunde 15 ni dakika saba na nusu, na uzito wake haufiki GB 1. Mkate ni uleule, mafunzo ni yaleyale, na mzigo umeshuka kutoka GB 5. Hakuna programu inayoweza kuleta nafuu ya ukubwa huo.

Uchambuzi wa vipande ufanyike siku hiyohiyo, kwenye galari, kabla ya kufungua programu ya kuhariri. Vilivyotikisika, vilivyo gizani na vilivyojirudia vifutwe, na vizuri vihamishiwe kwenye albamu moja yenye jina la kazi. Hapo kuna mtego unaowashangaza wengi. Kufuta kwenye galari hakurudishi nafasi papo hapo, kwa sababu faili huenda kwanza kwenye pipa la taka la galari. Kwenye iPhone na kwenye galari nyingi za Android hukaa humo hadi siku 30, likichukua nafasi ileile. Pipa lisipomwagwa, mpishi atafuta vipande 12 na kukuta kipimo cha hifadhi hakijasogea. Mtego mwingine uko kwenye kukata kipande ndani ya galari, maana mara nyingi simu huhifadhi nakala mpya na kuacha ile ndefu palepale. Ukataji wote uachiwe programu ya kuhariri.

Kuhusu programu, moja inatosha, na kuwa na nne ni kujaza simu bure. CapCut ina zana nyingi kuliko wenzake, ikiwa na uandishi wa manukuu na violezo vingi, ila baadhi ya zana zake zinataka malipo, na huongeza kipande chenye nembo yake mwishoni, ambacho mtumiaji anaweza kukifuta. VN haiweki nembo kwenye video, haimlazimishi mtu kulipa ili afanye kazi za msingi, na mstari wake wa muda ni rahisi kusomeka. InShot ni nyepesi na inafaa kwa video fupi. KineMaster ni ya siku nyingi na ina tabaka nyingi za picha na sauti, lakini toleo lake la bure huacha nembo juu ya video. Kwa simu yenye RAM ya GB 4 na mtu asiye na bajeti ya usajili, VN ndiyo ya kuanza nayo. Kwa picha ya jalada, Snapseed ya Google ni ya bure na inatosha.

Sasa jambo ambalo limewapotezea watu kazi nyingi kuliko yote. Mradi ulio ndani ya programu ya kuhariri, hasa kwenye Android, kwa kawaida hauna video ndani yake. Una maelekezo tu: kipande fulani kilicho kwenye galari kianze hapa, kiishie pale, maandishi haya yakae juu yake. Kipande kikifutwa au kikihamishwa kutoka kwenye galari kabla video haijatolewa, mradi unafunguka na pengo jeusi au ujumbe kwamba faili halionekani. Kwa hiyo anayebanwa na nafasi katikati ya uhariri asiguse albamu ya kazi. Aanzie WhatsApp, kwenye Settings, Storage and data, kisha Manage storage, ambako mafaili makubwa yamepangwa kwa ukubwa, na video za makundi hupatikana kwa wingi. Papo hapo azime upakuaji wa video wa moja kwa moja, la sivyo wiki ijayo zitakuwa zimejaa tena.

Programu ya kuhariri yenyewe pia hulimbikiza mafaili ya muda. Kwenye mipangilio ya Android kuna vitufe viwili vinavyokaa karibu. "Clear cache" hufuta mafaili hayo ya muda na kwa kawaida miradi hubaki salama. "Clear data", ambacho kwenye simu nyingine huitwa "Clear storage", hufuta kila kitu pamoja na miradi yote, na hakuna pa kuirudisha. Kuiondoa programu kwenye simu na kuiweka upya huleta hasara hiyohiyo. Anayefuata ushauri wa haraka wa "ifute uiweke tena" aulizwe kwanza kama video zake zote zimeshatolewa.

Mpangilio wa kuhariri nao hupunguza mzigo wa simu. Kwanza vipande vipangwe na kukatwa, bila maandishi wala madoido. Kisha irekodiwe sauti ya maelezo, feni ikiwa imezimwa na simu ikiwa kama shubiri moja kutoka mdomoni, na picha zirekebishwe urefu ili zifuate sauti. Muziki uingie baada ya hapo, ukiwa chini kiasi kwamba kila neno linasikika kwenye spika ya simu. Rangi na maandishi ndiyo ya mwisho. Anayeanza na maandishi huilazimisha simu kuyachora upya kila anapokata, na hulazimika kuyasogeza yote kila kipande kinapofupishwa.

Video itolewe kwa vipimo vilevile vilivyorekodiwa: 1080p na fremu 30. Kukitoa kwa 4K kitu kilichorekodiwa kwa 1080p kunaongeza uzito na hakuongezi ubora. YouTube hupendekeza takriban megabiti 8 kwa sekunde kwa kiwango hicho, yaani MB 1 kwa kila sekunde, hivyo video ya dakika 3 itakuwa karibu MB 180. Wakati wa kuitoa simu inahitaji nafasi zaidi ya hiyo, kwa kuwa hutengeneza mafaili ya muda. GB 2 zilizo wazi ni kiasi cha kutuliza moyo. Simu ikipata joto kali hupunguza kasi yenyewe, kwa hiyo ivuliwe kava, ichomolewe kwenye chaji na programu nyingine zifungwe.

Video iliyotolewa itazamwe yote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kufuta chochote. Baada ya hapo malighafi zihame. Google Photos iliacha kutoa hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Sasa kila akaunti ina GB 15, zikigawanywa kati ya picha, Gmail na Drive, na kupeleka malighafi huko ni kula bando. Kwa mpishi wetu njia nafuu ni flashi yenye ncha ya USB-C. Baadhi ya simu, kama za OPPO na vivo, hudai OTG iwashwe kwanza kwenye mipangilio. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili moja linalozidi GB 4, na dawa yake ni exFAT, ikiwa simu inaisoma. Mafaili yanakiliwe, matatu au manne yafunguliwe yakiwa kwenye flashi, kisha ndipo yafutwe kwenye simu na pipa limwagwe. Faili la kumtumia mtu kwa WhatsApp litumwe kama Document, kwa kuwa likitumwa kama video ya kawaida hubanwa na ubora hushuka.

Njia hii ina mipaka. Filamu ya saa moja iliyopigwa na kamera tatu itaichosha simu ya GB 64, na kazi hiyo inataka kompyuta. Kwa video zisizozidi dakika 10, simu hiyo inatosha. Mwenye shilingi chache za kuwekeza anunue flashi kwanza. Usajili wa programu utasubiri.